Bembelezi la Kumwondoa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kaapa: haondoki mpaka nijue kumlaza mwanangu mwenyewe. Yeye na binti yake kitandani, mimi kochini, miguu nje kama ya panzi! Mchana nikampakata mtoto, nikamwimbia muziki wa dansi huku nikimdundisha mapajani. Macho yakamtoka pima. Kilio! Mama mkwe akauliza kama namlaza au namwandaa kwa mashindano.

Jumanne, 5 Machi
Mtu anayetengeneza saa hashindwi na kichanga. Nimefanya uchunguzi. Jirani yangu fundi viatu katoka ng'ambo, mama muuza mikate katoka mbali zaidi. Nikawaomba waniimbie mabembelezi ya kwao. Neno sikuambulia, ila nyimbo ni ndugu kabisa: polepole, sauti haipandi sana, inashuka mwishoni kama mtu anayekaa chini kwa uchovu, kisha yaleyale tena. Nikapiga miayo na bisibisi mkononi.
Nikauliza maana. Wa fundi viatu: asiyelala atabebwa na mnyama. Wa mama mikate: baba yako mvivu, mgongo waniuma. Jamani! Mama mikate akacheka, akasema mtoto anafuata sauti tu, maneno ni ya mlezi kutoa ya moyoni.
Ya moyoni? Mimi ninayo gunia zima.

Jumatano, 6 Machi
Mkunga kanieleza kwamba ndani ya sikio mna kitu kinachohisi mwendo. Mwendo wa taratibu, usiobadilika, humtuliza mtoto hata moyo ukapunguza mbio, kama alivyozoea tumboni mama akitembea. Akasisitiza: kuyumbisha, si kutikisa, na shingo ishikwe.
Basi nikaachana na tiktiki za saa za mkononi, nikafuata kile kining'inio cha saa ya ukutani kinachoyumba: kulia... kushoto... Nikaimba kwa sauti ya asali: Bibi yako ana sauti ya tarumbeta, bibi yako kamaliza nyama, lala, lala. Mtoto akalegea kama kamba! Nikamlaza upesi. Akaamka upesi zaidi. Mkunga alisema nikae naye kwanza, usingizi ukolee. Nani ana subira hiyo?

Alhamisi, 7 Machi
Nikakaa. Ukakolea. Nikamlaza. Kimya! Nimeshinda! Mama mkwe akafunga begi, akaomba aone kwa macho yake kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Begi mlangoni, mama mkwe kitini, mke wangu kaegemea ukuta. Ningeweza kubadili maneno. Mtoto hajui tarumbeta wala nyama. Lakini nikaogopa kuharibu dawa. Nikaimba yote, mpaka nyama. Mtoto akalala fofofo.
Mama mkwe akasema mkwe wake ana kipaji. Halafu akafungua begi. Haiwezekani, alisema, aimbwe kwenye nyumba asiyokaa. Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe katunga ubeti kuhusu mimi, miguu yangu na kochi. Mtoto analala nao haraka kuliko wangu. Inauma.
Ila nimeshapata njia. Baba mkwe anafika kesho kumfuata mkewe, nami nitamkasirisha amwondoe siku hiyohiyo. Nimemtungia wimbo mtamu sana, kuanzia upara wake.