Kaka Kasoma, Kaka Hajajibu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kiti cha marehemu mama! Miguu nimepiga msasa, sponji mpya, kitambaa cha kijani. Nikakikalia kukijaribu springi. Kidogo tu. Nikalia kama mtoto aliyenyimwa titi. Mteja akaingia kuulizia kochi lake, nikamwambia ni vumbi la sponji.

Ndipo nikafanya ujinga. Nikamwandikia kaka. Siyo "upo?" ya kila siku. Nikaandika kutoka moyoni: kwamba tangu mama afariki yeye ndiye baba yangu na ndiye mama yangu, kwamba yeye ni nguzo, na bila yeye mimi ningekuwa wa kuokota makopo. Kwamba nampenda! Kwenye ukoo wetu mwanamume hajawahi kumwambia mwanamume neno hilo. Marehemu babu angefufuka amchape mtu.

Nikatuma. 

Kaka ni mtu wa dole gumba. Ukimtumia kitu, kabla hujaweka simu mezani dole limefika. Habari njema, dole. Msiba, dole. Leo tiki mbili, tiki za bluu, kisha kimya.

Shangazi naye kanitumia ujumbe mrefu kama treni ya mizigo. Nimesoma behewa la kwanza. Nitamjibu nikitulia.

Jumanne, 4 Machi
Kimya. Nimeishika simu mpaka imepata joto. Nimejipiga stepla kwenye kidole kwa kuchungulia.

Jirani yangu wa kibanda, Mama Mapazia, kaniuliza nasubiri matokeo ya mtihani gani. Nikamsomea ujumbe wote. Akasimamisha cherehani, jambo ambalo halifanyi hata mvua ikinyesha ndani. Akasema ni ujumbe mzuri, ndiyo maana haujajibiwa. Ujumbe mzito haujibiwi kama "umekula?" Mtu anausoma, anauweka, anauzunguka kama anayetafuta mlango. Anaona dole gumba ni dharau, na maneno hana. Siku mbili, siku tatu, hiyo ni kawaida kabisa, Sponji mdogo wangu, ndivyo anavyoniita. Likipita juma, uliza mara moja, kwa upole, bila kudai jibu. Halafu mwache apumue.

Nikamwambia sawa mama, nimekusikia.

Nilipokuwa naingia kibandani nikatuma alama ya kuuliza. Moja tu! Jioni nikaongeza mbili, ile moja ilikuwa inaonekana mpweke.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango namba moja: chambo. Nikamtumia picha ya kochi lililopasuka, nikamwomba ushauri wa fremu ya chuma. Kaka ni fundi wa kuchomelea, ukimtajia chuma anaamka usingizini. Kimya.

Mpango namba mbili: kujifanya. Nikamtumia, "Kaka samahani, ule ujumbe wa juzi ulikuwa wa mtu mwingine." Halafu nikakumbuka kwamba ndani nimemtaja mama yetu kwa jina. Mtu mwingine gani huyo! Nikafuta. Sasa imebaki alama kwamba nimefuta, jambo ambalo ni baya kuliko lenyewe.

Mpango namba tatu: kijembe. Nikapandisha kwenye hali yangu, ile status ya simu: "Wengine wakipandishwa juu hawasikii tena." Wateja wawili wakauliza kama nawasema wao. Mmoja kachukua stuli yake haijaisha, kaondoka nayo ina miguu mitatu.

Kaka hata hali hajaitazama. Yeye ambaye alikuwa wa kwanza kutazama kila siku!

Picha ya shangazi ya asubuhi imefika, maua na "Mungu akulinde". Kila asubuhi, kama jogoo. Simu yangu imejaa maua kama kaburi la tajiri.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeazima simu ya mteja, nikampigia kaka kwa namba asiyoijua. Inaita. Inaita mpaka inakata. Basi ni kiburi hicho! Nimemwandikia jumbe sita, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilisema, "Ahsante. Nimejua nafasi yangu." Tiki moja tu. Simu kazima kabisa, kwa sababu yangu!

Mama Mapazia kasikia, kashika kiuno. Akasema mtu akiwa ameshindwa kubeba gunia moja, wewe unamwongezea sita juu, halafu unashangaa hainuki? Kila ujumbe unafanya jibu liwe gumu zaidi, maana sasa anatakiwa ajibu upendo na matusi kwa pumzi moja.

Nikamwambia mama, wewe shona.

Uamuzi wangu: namnunia. Vita ya ukimya. Tuone nani ataanza kusalimia.

Jumatatu, 10 Machi
Vita inaendelea. Naona adui hajajua kama tuna vita.

Tena linaniuma jambo jingine: je, anamjibu binamu? Binamu ndiye anayejifanya mdogo wake halisi, eti kwa sababu wote ni washabiki wa timu moja. Nikampigia, nikazunguka mbuyu, habari za watoto, habari za mguu wake unaomsumbua, halafu nikatupia: vipi, kaka mnawasiliana?

Binamu akasema hata! Kaka hajamjibu tangu kabla mwezi haujaisha. Kwenye kundi la mpira ndiye aliyekuwa mbishi kuliko refa, sasa timu imefungwa manne na hakuandika kitu. Binamu anadhani kaka kamnunia kwa utani fulani.

Furaha niliyoipata! Siyo mimi peke yangu! Nikakimbia kwa Mama Mapazia nikipiga makofi, nikamwambia amenuna kwa wote, hata binamu, hata timu!

Hakucheka. Katoa pini mdomoni, moja moja. Akasema, "Sponji, nisikilize. Angekuwa hakujibu wewe tu, ningesema jambo liko kati yenu. Kama hamjibu mtu yeyote, jambo liko kwake." Akaniuliza kaka ni mtu wa kuchelewa kujibu? Nikasema hapana, dole lake ni risasi. Akasema basi hapo ndipo pa kuogopa. Mchelewaji akichelewa, hiyo ndiyo tabia yake. Mwepesi akinyamaza, kitu kimebadilika. Na anayeacha hata vile alivyovipenda, huyo hatumiwi ujumbe, huyo anafuatwa mlangoni. Leo, siyo kesho.

Nikamwambia nikienda mimi nimeshindwa vita.

Akaniita jina ambalo sitaliandika.

Jumanne, 11 Machi
Nimepata njia ya kwenda bila kushindwa: drili yangu anayo yeye tangu mwaka jana. Naenda kudai drili. Hiyo siyo kusalimia.

Nikaanzia karakana yao ya mageti. Msimamizi akaniangalia kama mtu aliyechelewa mazishi. Kaka hajaonekana hapo tangu mwezi uliopita. Kazi zilipungua, wakapunguza watu, yeye akatoka bila hata kuchukua miwani yake ya kuchomelea. Nikapewa miwani. Nikaishika njia nzima.

Chumbani kwake pazia limepigiliwa misumari. Nilibisha, kimya. Nikasema ni mimi, nimefuata drili. Baada ya muda mrefu kitasa kikazunguka.

Sikumtambua mabega. Kaka yangu alikuwa mtu wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Huyu shati linamning'inia kama limeanikwa. Vyombo vina ukungu. Godoro liko chini. Akarudi kukaa, akasema drili iko pale kwenye kona.

Nikataka kumgombeza, nilikuwa nimejiandaa tangu Jumamosi.  Nikauliza tu kwa nini hukunijibu, kaka.

Akasema, "Kazi ilisimama, mdogo wangu. Kisha na mimi nikasimama." Ujumbe wangu anao kichwani, aliusoma kila siku mpaka chaji ikaisha, na hakuwa na nguvu ya kuinuka kuchomeka waya. Alianza kujibu mara nyingi. Anaandika "Mdogo wangu", anafuta. "Uliandika mimi ni nguzo. Nikajitazama. Nguzo gani hii inashindwa kuoga?"

Nikakaa chini. Miwani imenibana mapajani. Nje watoto walikuwa wanacheza, wanagombania zamu.

Nikampigia Mama Mapazia. Alifika na kanga begani na uji kwenye chupa, wala hakuniambia "nilikuambia".

Jumatano, 12 Machi
Zahanati. Muuguzi mwanamke, mpole, haongei kwa mafumbo. Akamuuliza kaka usingizi, akamuuliza chakula, halafu akamuuliza wazi kabisa kama amewahi kufikiria kujiua. Mimi nikaruka, nikasema dada, usimpe mawazo! Akanijibu kuwa kumuuliza mtu hakumpandikizii mawazo, kunampa mlango.

Kaka akatikisa kichwa juu chini. Mara moja. Polepole.

Sakafu ya pale ni ya vigae vyeupe. Kimoja kimepasuka pembeni. Nitakikumbuka mpaka nife.

Kapewa dawa na mtu wa kuongea naye kila juma. Tumeambiwa asibaki peke yake kwa sasa. Nikauliza je, angekaa hivyo wiki nyingine? Muuguzi akasema tushukuru kuna aliyekwenda kubisha. Nikatazama viatu vyangu. Nilikwenda kufuata drili.

Jumapili, 16 Machi
Kaka yuko kwangu, analala kwenye kiti cha mama, kakataa kitanda. Jana kaoga. Leo kashika fremu ya kochi, kasema kiungo changu ni cha ovyo. Nikafurahi mpaka nikaenda kujificha nyuma ya sponji.

Leo nimekuwa mtaalamu wa ukimya, nakiri mwenyewe! Mteja mmoja alilia kuwa mchumba hajamjibu tangu jana, nikampa somo zima: usirundike, tazama tabia ya mtu, akinyamazia wote mfuate mlangoni. Kaniambia nina hekima ya mzee. Kweli, haya mambo ukishayapitia hayakupiti tena.

Ila Mama Mapazia! Nimemtumia ujumbe wa shukrani, mzito, wa kutoka moyoni. Nusu saa nzima hajajibu, na cherehani yake naisikia ukutani ikikimbia. Nimempelekea alama ya kuuliza. Asipojibu mpaka adhuhuri namnunia.

Neema nyingine: shangazi kaacha kutuma maua. Tangu Alhamisi simu yangu inapumua. Nilidhani kanuna kwa sababu ule ujumbe wake sijaumaliza kusoma, lakini binamu anasema hata yeye hapati maua, na akimpigia hapokei. Basi, kanuna kwa wote. Siyo mimi peke yangu!