Ujumbe Wangu wa Kuwaaga Watu wa Parachichi

Jumatatu, 16 Juni 2025
Wiki yangu ya mwisho kama meneja wa mapokezi ya parachichi hapa Makambako. Wiki ijayo, Njombe! Kampuni mpya, mshahara mnono. Nimemwahidi bosi mpya, Mzee Mika, kwamba nitakuja na Eveline, mpangaji wetu mkuu wa madaraja ya matunda. Dada huyo akiliangalia parachichi mara moja tu, anajua kama litafika Ulaya likiwa zima au litaozea melini. Bila Eveline sifiki mbali. Hili naliandika humu tu.

Tatizo la kwanza: mkataba unanikataza kuwashawishi wafanyakazi wanifuate. Tatizo la pili: Obed, msimamizi wa zamu, ananinong'oneza kila tukinywa chai kwamba naye anaitamani Njombe. Obed! Mtu anayelala juu ya kreti tupu.

Dawa nimeipata. Ujumbe wa kuaga! Nitamsifu Obed mpaka kampuni imng'ang'anie. Eveline simtaji kabisa, wamwone wa kawaida, wamwachie bila kumbembeleza. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Hawakuwahi kukutana na mimi, Anania.

Jumanne, 17 Juni
Rasimu: kurasa tatu. Nikampelekea Judith wa rasilimali watu, maana ujumbe hauendi kwa timu kabla ofisi haijauona. Ukarudi umejaa wino mwekundu. Ati ujumbe wa kuaga si hotuba ya harusi. Nitaje siku yangu ya mwisho, nishukuru, niseme kazi apelekewe nani, niweke namba yangu binafsi kwa kuwa barua pepe ya ofisi itafungwa Ijumaa jioni. Basi.

Niondoe jina la kampuni ninakokwenda. Niondoe malalamiko kuhusu choo. Niondoe "mlango wangu uko wazi kwa mwenye kipaji", huko ni kuchota watu. Na mrithi wangu nisimtangaze, hilo ni la uongozi. Kwa sasa mambo ya mapokezi yaende kwake Judith.

Fungu la Obed hakuligusa. Alilisoma tena, akaniuliza kama ni Obed huyuhuyu. Nikajibu kwa sauti kavu kwamba ndiye.

Alhamisi, 19 Juni
Makabidhiano. Funguo za chumba cha baridi, kompyuta, mihuri, wakulima wa Kifanya na siku zao za kuvuna, malori yaliyoko njiani. Kila nilipokwama, Eveline alinijazia. Nilikwama karibu kila mahali. Judith alisikiliza tu, anaandika.

Nilitaka kumdokeza Eveline mpango wangu. Nikajizuia. Nitamwambia kesho, nikishakabidhi kitambulisho. Atafurahije!

Ijumaa, 20 Juni
Ujumbe umekwenda! Watu wa ofisini kwa barua pepe, wapangaji wa matunda kwenye kundi la WhatsApp, nakala moja ukutani pale wanaponawia mikono kabla ya zamu. Fungu langu tamu: "Kwa namna ya pekee namshukuru Obed, nguzo ya kituo hiki. Mafanikio yote mliyoyaona ni yake. Bila Obed, mimi si kitu."

Majibu yakamiminika. Kila la heri, meneja. Mungu akutangulie. Obed kajaza skrini nzima mikono ya maombi. Eveline aliusoma ukutani, akaendelea kunawa mikono.

Jioni, soda na keki. Nikakabidhi kitambulisho, nikamvuta Eveline pembeni, nikaanza habari za Njombe. Hakunisubiri nimalize. Akasema misimu minane amenifunikia makosa mbele ya wanunuzi, na siku ya kuaga nimeshindwa hata kulitaja jina lake. Basi niende salama, mimi na nguzo yangu. Iliniuma. Kweli iliniuma. Nikaimaliza keki.

Kisha Judith akasimama na tangazo la uongozi: kaimu meneja kuanzia Jumatatu ni Eveline. Vigelegele! Mimi sikupigiwa hata kimoja.

Jumatatu, 23 Juni
Njombe. Baridi ya kukata masikio. Nikaingia nimenyoosha shingo. Nikamweleza Mzee Mika kwamba kuhusu Eveline kuna mabadiliko madogo. Akasema hakuna neno, amepata bora zaidi. Akanionyesha simu yake. Ujumbe wangu! Obed alimtumia Ijumaa ileile, kama barua ya mapendekezo, jina langu chini.

Mzee Mika ni mtu wa hesabu rahisi. Akasema ikiwa bila Obed mimi si kitu, na nimekiri mwenyewe kwa maandishi, basi busara ni Obed awe meneja, mimi nimsaidie. Nikafunguliwa ofisi iliyokuwa iwe yangu. Obed alikuwa humo tayari, miguu juu ya meza, anakoroma.

Sikati tamaa. Nimekaa nikapima, na kosa nimeliona: sifa hazikutosha! Nimeshaanza kumwandikia Mzee Mika ujumbe mwingine. Obed ni mkubwa mno kwa kituo kimoja. Obed anastahili kuiongoza kampuni nzima. Akiusoma huo, atampandisha cheo na kumwondoa ofisini mwangu kesho asubuhi.