Glasi Juu, Dakika Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa stoo anahamia tawi jipya, mji mwingine. Alhamisi tunamuaga. Kiti chake kinabaki wazi! Wanaokitaka ni wawili: mimi, karani wake kwa miaka sita, na Dada wa Mapokezi, ambaye kazi yake ni kutabasamu na kushika simu. Bosi akasema anatafuta mtu wa kutoa maneno ya kuaga, mafupi, dakika mbili, kisha tunyanyue glasi. Nilijitolea kabla hajafunga mdomo. Dada wa Mapokezi akatabasamu tu. Ameshaogopa, maskini.

Jumanne, 4 Machi
Hotuba imefika kurasa tisa. Nimemsomea mke wangu. Akauliza anayeagwa ni nani, maana mpaka ukurasa wa sita alidhani ni mimi. Eti niseme tulifahamianaje, nitoe kisa kimoja kinachoonyesha utu wake, nimtakie heri, ndipo niwaambie watu wainue glasi. Tunywe, nikae. Glasi mwisho kabisa! Yeye ni mwalimu wa chekechea. Nikamwambia chekechea hawagawi vyeo. Chakula cha jioni nilijipakulia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu gani hii! Chumba cha mikutano, meza zimesukumwa ukutani, juisi kwenye glasi za kukodi. Nikagonga yangu kwa kijiko. Kimya. Nikaona nianze kwa kishindo: wote wasimame, glasi juu! Wakainua. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa tatu, mikono ya watu imechoka kushika glasi. Dereva akabadilisha mkono. Mlinzi akanywa yake kimyakimya. Bosi akajimwagia juisi kwenye koti. Nikarukia sifa za tawi jipya: mji mzuri, kazi ya heshima, mwenye akili yeyote angekimbilia huko. Dakika kumi na moja. Nikakaa. Heri sikumtakia! Watu wamesimama, glasi hewani, wananikodolea macho.

Dada wa Mapokezi akadakia. Akasema siku yake ya kwanza kazini alijifungia stoo kwa bahati mbaya, akalia, na mkuu wa stoo akakaa chini nje ya mlango akimchekesha mpaka fundi akafika. Huko aendako, akasema, wamepata mtu. Heri! Wote wakaitikia heri, wakanywa. Sekunde arobaini. Mkuu wa stoo akafuta macho. Na mimi pia, ila yangu yaliingia vumbi.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kapewa Dada wa Mapokezi. Na mimi, kwa kuwa nalipenda sana tawi jipya, bosi ananipeleka huko nikaendelee kuwa karani wa mkuu yuleyule! Mke wangu ameshaanza kupanga mizigo. Anafunga vyombo kwa kelele.

Jumapili, 9 Machi
Kosa nimeliona. Kurasa tisa hazikutosha. Alhamisi naagwa mimi, na Dada wa Mapokezi anasema dakika moja inamtosha kunisemea. Dakika moja, mtu kama mimi! Hotuba yake namwandikia mwenyewe. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili na humo bado sijafika siku niliyoajiriwa. Mstari wa kwanza: wote wasimame, glasi juu.