Kichwa Kilichohama Mkekani Kwangu

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Mdogo wangu, una moyo mgumu wewe. Tangu mvua zianze hujakanyaga kwangu, na ni safari ya basi moja tu. Unasingizia magoti. Magoti gani? Sokoni si unafika? Basi kwa kuwa huji, nitakuandikia mambo ya nyumba hii, ukija uyasome mwenyewe nisichoke kusimulia. Mwandiko usiucheke. Darasani sikuingia hata siku moja, hizi herufi nimezidokoa kwa watoto nikiwa tayari nina mvi.

Habari ya leo ni kwamba nimepokonywa kichwa.

Unajua mkwe wangu yuko masomoni, kazini kwake walimpeleka, atarudi mwisho wa mwezi. Kichwa cha mjukuu akaniachia mimi. Kila Jumamosi asubuhi mke mwenzangu huyo anakuja mkekani, ananikalia katikati ya miguu, namchana, namsuka, ananipa umbea wote wa shule. Ndiyo saa yangu ya wiki. Siku nyingine zote ni wa marafiki zake na wa baiskeli.

Leo nimemshika kama kawaida. Nywele zake ni zile zetu, za kujisokota kama springi ya kalamu, nzito, nyingi, Mungu hakupunja. Kitana chembamba, nywele kavu, kuanzia kwenye shina kushuka chini. Hivyo ndivyo nilivyochanwa mimi. Akalia. Nikamwambia uzuri una gharama. Akalia zaidi, akachomoka, akaenda kujificha nyuma ya mapipa ya maji. Huko akamwambia baba yake anataka kunyolewa zote, abaki kipara.

Mwanangu, Fundi, alikuwa anatoka kazini na saruji kwenye nyusi. Alichuchumaa kando ya mapipa, wakanong'onezana. Kisha akaja kuniambia, kwa heshima zote, kwamba kuanzia sasa kichwa atakishughulikia yeye.

Yeye! Mpiga plasta! Mikono kama msasa!

Nimecheka hadi nikakohoa. Akishindwa, kichwa kitarudi chenyewe. Na atashindwa. Nitamsaidia kushindwa.

Jumapili, tarehe 5 Mei

Nimeamka mapema, nikachukua chanuo la meno mapana nikalifukia kwenye ndoo ya unga. Nikaacha kitana chembamba peke yake mezani. Nikakaa na chai yangu kusubiri kilio.

Fundi amelitafuta chanuo, hakuliona. Hakuuliza. Akajaza maji ya vuguvugu kwenye chupa ya kupulizia, akalowesha nywele kidogo kidogo hadi zikalegea. Nikamwambia nywele hazilowekwi kama maharage. Akanijibu kwamba hata ukuta huwezi kuupiga plasta ukiwa mkavu, haushiki, lazima uunyweshe kwanza. Mtoto akataka kujua kama yeye ni ukuta. Baba yake akasema ndiyo, ukuta wa mbele, ule unaoonekana na wageni.

Kisha, kwa kuwa chanuo hakuna, akatumia vidole! Akapaka kondishena, akazigawa nywele mafungu manne, matatu akayabana na vibanio vya kuanikia nguo. Fungu moja akaliingia kwa vidole, akitafuta kila fundo na kulitenganisha kwa upole.

Shida ikawa ile mikono. Ngozi imepasuka kwa saruji, nywele zinanasa kwenye nyufa. Mtoto akasema aii. Nikasogeza kiti karibu. Lakini mwanangu akainuka, akaenda kusugua viganja kwa jiwe la miguu, akapaka mafuta, akarudi. Jiwe langu la miguu, mdogo wangu.

Imechukua asubuhi nzima. Akamfunga vibonge vinne, kimoja kinatazama juu, kimoja kinatazama jirani. Alifanana na kiti kilichopinduliwa. Lakini hakulia.

Ule unga nimeuchekecha mara mbili. Bado una harufu ya mafuta ya nywele.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimepata wazo la maana. Mwanamume hashindwi na kazi, anashindwa na kuchekwa. Nikamtuma Fundi kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Nikamwambia aende akaniulizie bei ya uzi. Kabla hajafika nikawa nimeshampigia Redio simu, kwamba akimwona amcheke vizuri, mbele ya wateja.

Redio kamcheka, hilo siwezi kumnyima. Kicheko nilikisikia nikiwa dirishani. Kisha kikakatika. Nikachungulia. Mwanangu amekaa kwenye stuli kati ya wanawake wawili wenye mapovu kichwani, amejikunja, na Redio anamwonyesha kwa mkono.

Amerudi na elimu yote. Kwamba unaanza kuchana kwenye ncha, si kwenye shina. Unafungua ncha, unapanda kidogo, unafungua tena, hadi chanuo linapita lote bila kugonga. Ukianza juu, unayasukuma mafundo yote chini yakawe fundo moja kubwa. Na kwamba mkono wa pili unashika nywele juu ya fundo, kati ya fundo na kichwa, ili mvuto uishie kwenye kiganja chako na ngozi ya mtoto isisikie kitu.

Nilimwuliza kama Redio amemweleza pia bei ya uzi. Alikuwa ameisahau.

Jioni nikampigia Redio kumgombeza. Akanijibu kwamba miaka yote hiyo kwenye kile kiti hajawahi kuona baba amekuja kuuliza, na kama nina mwingine kama huyo nimletee, hata kama amechakaa. Nikamkatia simu. Kwa kweli nilikuwa natabasamu, lakini yeye hakuniona.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Leo nilitumia silaha kubwa. Nikamwita mke mwenzangu jikoni, nikampa peremende, nikamwambia baba akianza kuchana tu, lia. Lia kama mtoto aliyepotea sokoni. Akauliza alie kwa sauti gani. Nikamwonyesha. Akafanya mazoezi. Ana kipaji huyu.

Wakakaa uani. Chanuo nimeshalirudisha, maana chapati zilianza kutiliwa shaka. Chanuo lilipogusa ncha tu, mtoto akaachia king'ora. Nikatoka mbio, mikono mbele, kumpokea.

Fundi alishaweka chanuo chini. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia wewe mkubwa sasa. Alizunguka akakaa mbele yake, akamwomba amwonyeshe kwa kidole pale panapouma. Mtoto akagusa utosi. Mwanangu akatazama utosi. Akauliza kama panauma sasa au palikuwa panauma. Akasubiri. Mdogo wangu, alisubiri kama mtu asiye na kibarua cha saa nne! Mtoto akabaki anatafuta pa kuangalia. Mwishowe akasema hapaumi, ila Bibi kampa peremende.

Nikakumbuka nimeacha maji jikoni.

Hakunisema. Nilisikia tu akimwambia kwamba siku ikiuma kweli ainue mkono, naye atasimama hapo hapo. Ikawa mchezo. Mtoto akainua mkono hata nzi alipopita, na kila mara baba anasimama kweli, anauliza, anaendelea. Baadaye akaacha kuinua. Akaanza kumpa umbea wa shule.

Umbea wangu huo.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Vibonge vimekwisha. Amejifunza kusokota nyuzi mbili: fungu dogo, anapaka mafuta kidogo ili maji yasikimbie, analigawa mara mbili, anazungusha moja juu ya nyingine hadi kwenye ncha, na ncha inajikunja yenyewe kwenye kidole. Njia za kichwani alizipima kwa ule uzi wake wa kunyooshea ukuta. Nimeona kwa macho yangu. Uzi wa ujenzi juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto anaushika upande mmoja kama saidia fundi. Zimenyooka kuliko njia nilizowahi kuchora mimi.

Nilimwambia zimepinda.

Usiku anamfunga kitambaa laini, kile cha kuteleza, pamba ya mto isizinyonye mafuta. Kitambaa chenyewe kimetoka kwenye gauni langu la harusini kwa binti yako. Hakuniibia, aliomba. Nilikubali kabla sijakumbuka kwamba tuko vitani.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Baba yake kaenda kazini alfajiri. Nafasi yangu. Nikamwambia mke mwenzangu misokoto ni ya watoto wachanga, njoo nikupige mistari miwili ya twende kilioni hapo mbele, ukawaringie. Nikavuta. Kazi ya kuvutwa ndiyo hukaa, hivyo ndivyo ninavyojua. Hakuinua mkono. Aliniogopa.

Aliporudi shule paji lake lilikuwa na vipele vyeupe pale pa mwanzo wa nywele, na macho anashindwa kuyafumba vizuri.

Fundi alimwona. Alinawa saruji hadi kwenye viwiko, akakaa, akalowesha ile mistari, akaifumua taratibu kuanzia ncha. Nywele za mbele ni laini, ndizo zinazokatika kwanza, akaziacha zimelala huru. Akamaliza, akamtuma mtoto nje. Ndipo akanigeukia.

"Mama, sitaki kichwa chake kiogope mkono wa mtu. Hata wangu. Hata wako."

Nikamjibu kwamba mimi nilivutwa na sikufa.

"Najua. Nilikuwa nakuona ukijichana mwenyewe, machozi yanakutoka. Nilidhani nywele zetu ndivyo zilivyo."

Sikula. Ugali nilipika, sikula.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Leo nilikaa chumbani. Mkeka niliukunja. Nikasema wachanane wenyewe, mimi nina mgongo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mke mwenzangu, chanuo mkononi, misokoto yake imeshakamilika. Akavua kilemba changu kama mwenye nyumba, akatazama, akamwita baba yake kwa sauti kwamba huku kuna mafundo ya tangu zamani.

Nilikataa. Wakatandika mkeka. Nilikataa nikiwa nimekaa.

Mtoto akanipanda mapajani, mgongo wake kifuani kwangu, kama zile Jumamosi zetu. Akanishika mkono, akaniambia ikiuma niuinue. Maji ya vuguvugu yakashuka nyuma ya sikio. Nikakaza shingo kusubiri ule mvuto. Nikasubiri. Ncha, kisha juu kidogo. Nilisikia kiganja cha mwanangu kimeshika juu ya fundo, kile kiganja kigumu, na nyuma yake hakuna maumivu. Hakuna kabisa. Miaka yote hii ya kichwa, mdogo wangu, sijawahi kuchanwa bila kuumia.

Mtoto akanieleza nani kamwaga uji darasani na nani kasingiziwa. Yote. Sikukosa hata tukio moja.

Nililala. Niliamka nina misokoto kama mtoto wa chekechea, na mwanangu anasuuza chanuo kimya kimya. Nilimwambia tu kwamba njia ya kushoto imepinda.

Akacheka. Anajua.

Ijumaa, tarehe 24 Mei

Tatizo ni moja: kichwa changu kimefunguka mno. Kesho Fundi atanimaliza upesi, mtoto atanishuka mapajani, umbea utakatika katikati. Haiwezekani.

Kwa hiyo tangu asubuhi nimevua kitambaa laini, nimefumua misokoto yote, na nimelala nikigeuza kichwa kwenye mto wa pamba, kushoto na kulia, kama mashine. Nyuma tayari kuna fundo zuri. Nimeliongezea unga kidogo.

Wewe, Jumamosi utakayokuja, usije umesukwa. Njoo na kichwa kikavu kilichofungana, njoo na kondishena yako, na ukifika ukae nyuma yangu kwenye foleni. Na ukiulizwa huu unga umetoka wapi, hujui.