Mkono Begani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeshtukia jambo. Picha ya wafanyakazi imepanda kwenye ukurasa wa duka letu la miwani. Wapo Meneja, daktari wa macho, dada wa mapokezi, na fundi lenzi tunayemwita Kimya. Mimi simo! Miaka sita nauza fremu, simo!

Meneja anasema ilipigwa Ijumaa, waliniita mara tatu, nikajibu nakuja kutoka chooni. Kweli nilikuwa nachana nywele. Lakini nani achane nywele kwa dakika kumi na tano bila mtu kumgongea mlango? Hapa pana njama.

Kabla ya kuirusha, Meneja alimtumia kila mmoja picha hiyo faraghani akamwomba ruhusa. Sikutumiwa. Eti kwa sababu simo. Jibu limeandaliwa hilo.

Jambo lenyewe ni hili: Jumamosi anatangazwa msimamizi wa duka letu la pili. Nautaka usimamizi huo kuliko kitu chochote duniani. Asiyeonekana atakumbukwa vipi?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwomba Meneja anipachike. Akasema inawezekana, ila kila aliyemo aione kwanza picha ikiwa imeshakamilika, siyo kusimuliwa, kisha ajibu mwenyewe. Nikamuuliza wao inawahusu nini, si naongezwa mimi? Akasema ukimweka mtu ubavuni mwa mwenzake, umeshasema kitu juu ya wote wawili. Tena chini ya picha tutaandika kwamba imehaririwa. Au nisubiri Ijumaa, tutapiga nyingine.

Ijumaa! Siku moja kabla ya tangazo! Mtego huo hata kipofu anauona.

Kimya alikuwa anasaga lenzi pembeni. Hakusema neno. Mtu asiye na hatia huwa anasema walau neno moja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimetumia akili. Nimeandika kwenye kundi letu: "Jamani, nairekebisha ile picha kidogo. Asiyejibu hadi saa kumi amekubali." Daktari akajibu sawa, kweli mwanga ulikuwa hafifu. Dada wa mapokezi akatuma kidole gumba. Meneja alikuwa kikaoni. Kimya, kama kawaida yake, kimya.

Saa kumi na dakika moja nikaanza kazi. Nina picha yangu moja safi, nimevaa suti, ya harusi ya binamu. Nikajikata kwa ncha ya kidole kwenye simu, nikajipanga katikati, kati ya Meneja na dada wa mapokezi. Begani kwangu ulibaki mkono wa shangazi, na pete yake, maana siku ile alinishika. Nikauacha. Unanipa heshima.

Halafu Kimya. Alikuwa ananibana. Nikamfuta, nikajazia ukuta. Kiatu chake kimoja kilikataa kufutika, nikakifunika kwa chungu cha maua.

Nywila ya ukurasa ninayo, kwa kuwa mimi ndiye ninayejibu wateja. Nikarusha. Watu hamsini wameipenda kabla sijafika nyumbani!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Saa mbili asubuhi mteja ameingia akihema, anadai miwani yake. Ameona Kimya hayupo pichani, akadhani amefukuzwa na lenzi zake zimepotelea naye. Wa pili akaja. Wa tatu akapiga simu.

Saa nne ameingia mchumba wa dada wa mapokezi. Hakutaka miwani. Ameniwekea simu mezani akauliza ule mkono begani kwangu ni wa nani. Nikaitazama. Kwa jinsi nilivyojipanga, mkono unatokea kwa dada wa mapokezi moja kwa moja! Picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo wa mchumba, na mama mkwe mtarajiwa ameandika alama tano za kuuliza.

Dada wa mapokezi alilia. Si kilio cha maonyesho, alilia kwa aibu, ameinamia daftari la miadi. Akasema alikubali mwanga urekebishwe, hakukubali kunishika. Nilijisikia vibaya. Nakiri.

Shangazi naye akapiga simu. Huo mkono na pete ni vyake, mbona hakuulizwa? Nikamsihi aje kunitetea. Alikuja, akamwonyesha mchumba pete yake, kisha akanifokea mbele ya wateja wawili.

Meneja ameishusha picha na kubadilisha nywila. Akanieleza polepole, kama anamsomea mgonjwa ubao wa herufi: kunyamaza si kukubali. Kukubali jambo moja si kukubali yote. Anayefutwa ndiye wa kwanza kuulizwa. Picha ikishasambazwa huwezi kuirudisha mfukoni, unaweza tu kuwaomba watu waifute. Basi nimeshinda mchana nikimwandikia kila aliyeisambaza, nikiambatanisha ile ya awali na kukiri kuwa niliihariri bila idhini. Thelathini na mmoja. Tisa hawajajibu.

Kimya aliniambia neno moja tu: pole. Pole! Anamaanisha nini?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Picha mpya. Nilifika wa kwanza, nywele zimechanwa tangu nyumbani. Kimya aliweka kamera juu ya kigoda, ikajipiga yenyewe. Ni mrefu, akasimama nyuma katikati. Mimi nikawekwa ukingoni kulia.

Saa nane Kimya akanitumia picha faraghani. "Hii ndiyo itakayorushwa kesho na kubandikwa mlangoni. Unaikubali? Ukikataa si lazima useme sababu." Nimeisoma mara saba. Tangu lini mtu akuombe kwa adabu hivyo bila ya kuwa na lake jambo?

Nikamjibu: niweke katikati au niondoe kabisa! Akawauliza wenzangu kama wanakubali kuhamishwa. Daktari akakataa, dada wa mapokezi akakataa mara mbili. Baada ya robo saa Kimya akanitumia nyingine, imekatwa upande wa kulia, mimi simo. Akauliza kama naikubali hiyo hasa, jinsi ilivyo.

Aha! Anadhani nitaogopa. Nikaandika: "NAKUBALI KABISA." Sasa atakuja kunibembeleza.

Hakuja. Ameandika tu kwamba naweza kubadili mawazo hadi kesho saa sita. Hivyo ni vitisho. Sibadili.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa sita ilipita. Niliketi na simu mkononi, nikisubiri kubembelezwa.

Msimamizi wa duka la pili ni Kimya. Meneja amesema ni kwa sababu huuliza kabla ya kutenda. Picha imebandikwa mlangoni, kubwa kama kitanda. Nyuso nne zinacheka. Mteja mmoja ameitazama, akanitazama, akaniuliza kwa upole kama na mimi nasubiri kupimwa macho.

Nimeumia. Nikamwendea Meneja nikadai nimefutwa kwa hila. Akafungua simu, akanionyesha maneno yangu mwenyewe, kwa herufi kubwa. Akasema nikitaka, Jumatatu tutapiga nyingine na wote wataulizwa upya.

Jumatatu! Wananichelewesha tena.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimetulia, nimetafakari. Kosa langu nimelijua. Ulikuwa ni ule mkono.

Leo nimechagua picha nyingine, nimesimama peke yangu, hakuna wa kunishika. Nimejiweka katikati kabisa ya ile ya mlangoni, mbele ya Kimya, nimemziba mzima hadi paji la uso. Inapanda kwenye ukurasa wangu binafsi baada ya chai.

Na safari hii hakuna atakayesema sikuomba ruhusa. Nimemwonyesha mhusika picha nzima ikiwa imeshakamilika, nikampa muda wa kutosha mbele ya kioo, nikamwambia akikataa si lazima aseme sababu. Nimekubali papo hapo.