Nilisema Nakupenda, Akasema Aksanti

Jumapili, 8 Juni

Aksanti! Amesema aksanti!

Ngoja niandike kwa utaratibu. Mimi, Evode, mchukuzi wa maziwa, mwenye pikipiki yangu mwenyewe na akili timamu, leo baada ya ibada nimemsindikiza Murekatete hadi kwao Nyabiondo. Tumekuwa wapenzi tangu msimu wa mvua uliopita. Wazazi wanajua. Kanisa zima linajua. Nikaona wakati umefika. Tulipofika kando ya shamba lao la maharagwe nikamshika mkono, nikamwambia nakupenda. Nilikuwa nimejizoeza asubuhi yote mbele ya ng'ombe.

Akaniangalia kwa macho mazuri kabisa. Akanibana mkono. Kisha akasema: "Aksanti, Evode." Halafu akasema mvua inakuja na mama yake ameanika mihogo.

Aksanti ni ya mtu aliyekusaidia kupandisha gunia kichwani! Na mimi nikajibu nini? Nikajibu karibu. Mungu wangu, nimejibu karibu. Nimerudi kwetu Lushebere bila kuona barabara. Mama ameuliza kwa nini ninakula nikiwa nimevaa kofia ya pikipiki.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeelewa! Hakusikia vizuri. Pale shambani kuna upepo.

Leo nimempakia kwenye pikipiki kumpeleka sokoni. Katikati ya mteremko nikageuza kichwa, nikapiga kelele: nakupenda! Akanigonga bega kwa nguvu. Nikajua ni furaha. Kumbe alikuwa ananionyesha shimo.

Tumeingia. Matope mpaka masikioni. Akainuka, akajipangusa, akasema polepole: "Nilikusikia siku ya yenga, Evode. Masikio yangu iko muzima." Basi Jumapili alisikia! Alisikia na bado akasema aksanti! Kisha akaona mfuko wa koti langu umechanika, akalichukua akalishone. Koti! Nani ameomba koti?

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda kwa Polycarpe, seremala, rafiki yangu. Ana uzoefu mkubwa: amekataliwa na wasichana wa parokia nzima. Akasema dawa ni moja, lirudishe neno haraka kabla halijapoa. Ukilirudisha, deni linakwisha na heshima inabaki.

Nikakimbia hadi kwa Murekatete. Nikamweleza kwamba ile nakupenda ya Jumapili ilikuwa ya kikristo tu, kama tunavyoagizwa kuwapenda majirani wote. Akauliza kama majirani wote ninawashika mkono hivyo. Nikasema inategemea jirani. Nilijiona mjanja kweli.

Uso wake ukabadilika. Akasema tangu Jumapili alikuwa amelibeba lile neno moyoni, anaenda nalo shambani, anarudi nalo. Sasa hajui kama lilikuwa la kweli. Akaingia ndani. Polycarpe hakunieleza kwamba hili linaweza kutokea.

Jumatano, 11 Juni

Mpango mpya, wangu mwenyewe. Polycarpe hahusiki.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Ukiletewa maziwa, ndoo inakaa kwako mpaka upate kitu cha kuweka ndani, ndipo unairudisha. Hata mtoto anajua. Basi nikamwomba mama ile ndoo yake ndogo nyeupe ya kifuniko chekundu, nikaijaza mtindi, nikampelekea mama yake Murekatete, Mama Mukagasana. Murekatete mwenyewe akaipokea. Pale pale nikamwambia kwamba jana nilidanganya, kwamba Jumapili ndiyo ilikuwa kweli. Akatabasamu kidogo. Akanipa mahindi ya kuchoma aliyokuwa amenifichia ndugu zake wasiyamalize.

Sijali mahindi. Ninasubiri ndoo. Ikirudi, itarudi na jibu ndani. Atabanwa na desturi!

Alhamisi, 12 Juni

Ndoo haijarudi. Leo ninanyamaza, ili anikumbuke. Nimezima moyo. Simu nimeizika ndani ya unga ili nisishawishike.

Simu imelia. Nimeifukua, unga mpaka kwenye nyusi. Ni Polycarpe, anauliza kama dawa imefanya kazi.

Mchana sikuthubutu kupita Nyabiondo kuchukua maziwa ya upande ule, nisije nikamwona nikalainika. Wafugaji wamesubiri juani. Maziwa yameganda. Wamenitukana kwa zamu, wa mwisho akiwa mzee wa kanisa. Jioni Murekatete mwenyewe amepiga simu. Aliniuliza kama ninaumwa, au breki za pikipiki zimekufa, maana kila siku anaziombea. Nikajibu kwa baridi kwamba mimi niko bize. Akaniambia nilale salama. Hakusema lile neno! Alikuwa na simu mkononi, unités zake za kupigia zinakwisha, na bado hakusema!

Jumamosi, 14 Juni

Nimefanya kitu. Sijui kama ni kikubwa au kidogo. Uso wa mama unaonyesha ni kikubwa.

Nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwao kuchungulia tu ndoo, kuona kama ameanza kuweka kitu. Ilikuwa uani, kwenye kichanja cha vyombo, imeoshwa, imefunikwa kifudifudi. Tupu! Tangu Jumatano! Hata kiazi kimoja hamna! Damu ikanipanda. Nikaichukua. Papa Hakorimana, baba yake, alikuwa amekaa mlangoni ananiangalia. Nikamsalimia kwa adabu. Hakuitikia. Nikadhani hajasikia, nami nikafunga ndoo kwenye pikipiki nikaondoka.

Mama aliponiona nayo akaniuliza wameweka nini. Nikasema hawakuweka kitu, nimeijia mwenyewe. Akaishika, akafungua kifuniko, akaketi chini. Akauliza nani amekufa. Nikasema hapana, wote wazima. Ndipo akapiga kelele: "Umekamata chombo tupu ku nyumba ya batu? Weye mwenyewe? Umevunja, Evode! Umebaambia imekwisha!"

Sikuvunja chochote! Nilichukua ndoo tu! Lakini ni kweli, ninalijua hilo tangu utoto. Nyumba mbili zikichoshana, mmoja huenda kuchukua chombo chake kitupu, na hapo hakuna kusalimiana tena. Ninalijua na nimelifanya. Nimemkataa mwanamke ninayempenda, kwa ndoo, mbele ya baba yake.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Murekatete hakuimba na kwaya. Alikaa na akina mama, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye macho. Mama Mukagasana alipita mbele ya mama yangu kama anapita mbele ya ukuta. Polycarpe akanipongeza, akasema nimetoka na heshima. Nimemwomba asiniongelee mpaka Krismasi.

Sikuweza kula. Ninampenda. Kama angenijibu aksanti kila siku ya maisha yangu, ingekuwa afadhali kuliko kitambaa kile.

Jumatatu, 16 Juni

Mama aliijaza ndoo upya, mtindi mzito kuliko wa kwanza. Akaniambia niende kwa miguu, bila pikipiki, wanione nikija. Wameniona tangu mbali. Mtaa mzima wa njia ile umeniona.

Nilipiga magoti mbele ya Papa Hakorimana. Nikasema kosa ni langu, mama hakunituma, na sikutaka kuvunja. Akauliza nilitaka nini basi. Swali gumu! Nikasema nilitaka kujua. Akaniangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi aliyepanda juu ya paa, akamwita binti yake, akaingia ndani.

Murekatete alikuwa na hasira. Sijawahi kumwona hivyo. Aliniambia kwamba lile neno alikwisha kulisema mara moja. Kwa Jado, yule aliyekuwa anapiga ngoma kanisani. Jado ndiye aliyeanza, akamsukuma kila siku: na wewe sema, na wewe sema. Yeye akalisema ili amnyamazishe. Jado akaenda kufanya biashara Ntoto, akaoa huko, na yeye akabaki na neno lake limetumika bure. Tangu hapo ameapa hatalisema tena mpaka likae tayari lenyewe.

Nikauliza, kwa sauti ndogo sana, kama basi hanipendi. Akasema hakusema hivyo. Akasema anafurahi nikija, anaogopa nikichelewa, na Jumapili ile aliposema aksanti alitaka kulia kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kumpa neno hilo kwa upole vile. Lakini njia yake ni ya polepole kuliko yangu. Kisha akanitolea Kiswahili cha kwao, kidole kikiwa kwenye ndoo:

"Weye unaleta chombo, na ile saa unasimama ku mulango unaomba nirudishe. Nitaweka nini? Maharagi yetu haiko tayari. Nikikupa leo, nitakupa mabichi, na nitakuwa nimekudanganya. Unaweza kungoja? Kama hauwezi, sema sasa, sitakukasirikia."

Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kigumu hivyo. Nilitaka kuuliza itachukua muda gani. Nikaumeza ulimi. Nikasema ninaweza. Nikasema ninampenda na hadaiwi kitu. Akavuta pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akaichukua ndoo, akaingia nayo ndani. Ndani! Nimeshuka mlima nikiimba sauti ya pili ya kwaya peke yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimevumilia. Ninataka hilo lijulikane. Nimepita kila siku na maziwa, nimekula mahindi yaliyochomwa, nimevaa koti lenye mfuko mzima, nimefunga mdomo. Hata nimeanza kuona kwamba koti lile lilishonwa vizuri sana, uzi mara mbili.

Na leo! Nilikuwa ninaosha madumu, mama akapiga vigelegele. Murekatete anapanda njia kwa miguu, kutoka Nyabiondo kote huko, ndoo nyeupe kichwani. Aliitua mbele ya mama. Akafungua kifuniko chekundu. Maharagwe mapya, mekundu, yameng'aa, yamejaa mpaka yanamwagika. Amechagua moja moja, hakuna hata moja lenye tundu. Mama alilia. Mimi pia, lakini kwa siri nyuma ya ng'ombe.

Nilipomsindikiza kurudi akanishika mkono yeye wa kwanza, mbele ya watu, akasema: "Hii njo niko nayo leo, Evode. Ile ingine iko nakuja." Ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Nilipaswa kunyamaza. Nikamwuliza inakuja lini. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akaniambia aksanti.

Sasa nimefikiri kwa utulivu. Ndoo ndogo imeleta maharagwe na nusu ya jibu. Kosa langu lilikuwa ukubwa wa chombo! Kwa wafugaji kuna pipa la bluu la maziwa, linabebwa na wanaume wawili. Polycarpe amekubali kunisaidia kulifunga kwenye pikipiki, nimemsamehe kabla ya Krismasi. Kesho baada ya ibada tunalipeleka kwao, limejaa. Shamba lao si kubwa, maharagwe ya kujaza pipa hawana. Itabidi aongezee lile neno juu.