Upepo Juu ya Ardhi

Jumatatu, 7 Aprili
Siku ya kumi na moja namchungulia Lanyin, muuza maziwa ya soya, kwenye ufa wa mlango wa kibanda changu cha funguo. Hajui. Mimi ni kivuli! Lakini Kinyozi Meng ameanza kununua maziwa yake mara tatu kwa siku. Na maziwa humvuruga tumbo! Niende, nisiende?

Nikatoa sarafu tatu za kale na kitabu cha kupigia ramli. Upande wenye maandishi huhesabiwa mbili, wa pili tatu. Nikazirusha mara sita, nikijumlisha na kuchora mistari kutoka chini kwenda juu: jumla ya shufwa mstari uliokatika, ya witiri mzima. Nane, sita, nane, nane, saba, saba. Chini mistari minne iliyokatika, juu miwili mizima: upepo juu ya ardhi. Jina lake kitabuni Kutazama! Nusura niruke. Mbingu imeniona kazini.

Ila sita ni mstari unaogeuka, nao ndio husomwa. Kitabu: kuchungulia penye ufa wa mlango kwamfaa mwanamke. Maelezo yanaongeza: tena ni aibu.

Hm.

Jumanne, 8 Aprili
Dawa nimepata. Bila mlango, hakuna ufa! Nikaung'oa, nikauegemeza nje, eti naupaka rangi. Meng akauliza fundi funguo gani huyo anayeibiwa mlango. Nilikuwa natazama.

Jumatano, 9 Aprili
Nikamwendea Shangazi Pang, anayesomea mtaa mzima sarafu. Akasema mstari wa pili ukigeuka kuwa mzima, ardhi inakuwa maji. Upepo juu ya maji: Kutawanyika. Halafu Kutazama ni mambo ya mnara. Aliye juu anaona mbali, na wa mbali wanamwona.

"Wewe Qiu Bolin umepanda mnarani bila suruali!"

Kitabu kinamsifu mtu aliyenawa mikono, sadaka bado hajatoa, na wanaomtazama wakamwamini. Basi nikanawe, akasema, niende kwa Lanyin kwa moyo safi, na yeye Shangazi nimwache apumzike.

Alhamisi, 10 Aprili
Nikanawa mara tatu, kwa sabuni. Nikavuka kichochoro, hatua mbili tu. Nikasimama mbele ya Lanyin mikono ikichuruzika.

Upepo ukavuma. Mlango wangu ukaanguka, puu, juu ya ndoo zake! Maziwa yakatawanyika kichochoro kizima, hadi ndani ya viatu vya Meng.

Nikasubiri kipigo. Lanyin akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka Qiu, siku zote hizi naona jicho moja tu pale mlangoni. Nilidhani una chongo!"

Nikashinda namsagia soya. Mikono inauma. Raha tupu!

Ijumaa, 11 Aprili
Lanyin amenialika Jumapili nikale kwa mama yake. Meng kanuna.

Lakini huyo mama simjui. Ni mkali? Ni mpole? Mambo haya hayataki pupa. Paa la duka la matofali linaelekeana na jiko lao, na darubini nimeshaazima. Kesho mchana kutwa nitakuwa juu kule, nimelala kifudifudi.

Hatajua kitu.